Gwaride la utambulisho: jibu linapovuja kabla ya swali

Katika hukumu nyingi za unyang'anyi wa kutumia silaha, Tanzania na Kenya, kuna kipande kinachofanana: shahidi aliitwa kituoni, akapita mbele ya mstari wa watu, akamgusa mmoja begani. Msomaji wa kawaida akifika hapo huona kesi imekwisha. Mtu kaonyeshwa aliyemwibia, kamjua, nini tena? Lakini ukiendelea kusoma, hasa kama hukumu ni ya rufaa, unaweza kukuta majaji wameliweka gwaride lote kando na mfungwa akaachiwa baada ya miaka jela. Mtaani watu hunung'unika kwamba jambazi kaponea kwenye "vijisheria". Vijisheria hivyo vingi havihusu mihuri wala karatasi. Vinahusu namna kumbukumbu ya mtu mkweli inavyoweza kuchafuliwa pasipo mwenyewe kuhisi.

Kwanza tujue gwaride, au paredi kama wengi wanavyoliita, linafanya kazi wapi. Ni kwa ajili ya mtu usiyemjua. Aliyekuvamia akiwa kijana wa mtaa wenu ambaye mnasalimiana kila asubuhi, kupangiwa mstari wa watu umchague ni kupoteza muda wa kila mtu: utamchagua kwa kuwa unamjua, na hilo halithibitishi kwamba ndiye uliyemwona usiku ule. Hapo mahakama inataka kitu kingine. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uhakikisho mkubwa wa ukweli wake. Ulimjua? Basi jirani wa kwanza aliyekuja mbio alilisikia jina hilo kutoka kwako, au askari wa zamu aliliandika usiku uleule. Kama jina limeanza kutajwa wiki mbili baadaye, maswali yanaanza.

Kwa mgeni hakuna jina. Kuna sura tu, na sura iko kichwani mwa shahidi peke yake. Gwaride ni mtihani wa kuipima hiyo kumbukumbu, na anayetahiniwa ni shahidi, si yule mtuhumiwa aliyesimama mstarini. Ukilielewa hivyo, kanuni zote zinaeleweka mara moja: kila kanuni imewekwa kuziba upenyo fulani ambao mtihani unaweza kuvujia. Mwanafunzi aliyeona majibu usiku wa kuamkia mtihani anaweza kupata mia kwa mia, na alama zake zisikuambie chochote juu ya anachokijua.

Kanuni zenyewe ni za zamani. Mwaka 1936 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Mwango bin Manaa, iliorodhesha namna gwaride linavyopaswa kuendeshwa, na orodha hiyo ndiyo bado inanukuliwa na mahakama zetu hadi leo. Kwa polisi wa Tanzania mambo hayo yamo katika Amri za Jumla za Polisi, namba 232, na kinachotokea kwenye gwaride hujazwa kwenye fomu ya PF 186. Kenya nao wana kanuni zao za ndani ya jeshi la polisi, zenye mzizi uleule wa 1936. Badala ya kuzipitia moja baada ya nyingine, tuchukue mkasa wa kutunga, wa aina inayotokea kila siku, tuone zinavyofanya kazi.

Dada mmoja ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwa simu. Saa mbili kasoro usiku anakuja kijana dirishani, anauliza kiwango cha kutoa, anauliza kama ana chenji, anajishaurishaurisha. Ndani ya kibanda kuna taa. Baada ya dakika mbili hivi anatokea mwenzake mwenye panga, wanachukua pesa na simu mbili, wanatokomea. Dada anafika kituoni usiku uleule.

Hapa, kabla hata mtuhumiwa hajajulikana, ndipo gwaride linapoanza kufaulu au kuharibika. Askari anayeandika maelezo anapaswa kumtoa shahidi kila alichonacho kuhusu ile sura: urefu, umbo, rangi, umri, nywele, ndevu, mavazi, sauti, alama yoyote. Tuseme dada anasema yule wa dirishani alikuwa mwembamba, mrefu kiasi, maji ya kunde, umri wa miaka kama thelathini, ndevu za kidevuni tu, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Hayo yakiandikwa usiku huo yanakuwa kipimo. Baadaye akimgusa mtu mfupi mnene mweusi tii, kila mmoja ataona kuna tatizo. Na akimgusa mtu anayefanana na maelezo, kuguswa huko kuna uzito. Maelezo yakiwa yanasema tu "nikimwona nitamtambua", gwaride linabaki halina cha kulinganishwa nacho. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia mara nyingi kwamba shahidi aliyemtambua mtu gwaridani bila kuwa ametoa maelezo ya sura yake kabla hajaongeza kitu kikubwa. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linaloua kesi nyingi zaidi, na ndilo rahisi kuepukwa, maana linahitaji kalamu na nusu saa ya subira.

Maelezo yaseme pia mazingira. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama za Tanzania huuliza shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani na ukitokea wapi, na kama aliwahi kumwona kabla. Dada wetu ana bahati: dakika mbili, umbali wa mkono, taa nyuma yake ikimmulika mteja usoni. Kuhusu yule wa panga ambaye alimwona kwa sekunde chache huku anatetemeka, aseme hivyo hivyo. Hakuna gwaride, hata liendeshwe kwa uangalifu gani, linaloweza kutoa kumbukumbu ambayo haikuingia.

Siku nne baadaye kijana anakamatwa na mojawapo ya zile simu. Anafanana na maelezo. Kabla polisi hawajafika wananchi walishampiga, na mdomo wake umevimba. Sasa mpelelezi anataka gwaride, na jambo la kwanza ni kwamba asiliendeshe yeye. Mpelelezi anajua mtu wake ni yupi, anataka kesi yake isimame, na macho yake yatasema hata akifunga mdomo. Kanuni ya 1936 inamruhusu awepo, lakini shughuli yenyewe aiongoze afisa mwingine; kwa kawaida ni inspekta asiyehusika na kesi hiyo. Ningependelea mpelelezi asikaribie kabisa.

Afisa huyo anamwendea mtuhumiwa mahabusu na kumweleza kwamba kutakuwa na gwaride, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili au rafiki. Katika maisha halisi rafiki huyo mara nyingi ni kaka au mama aliyeletea chakula na yuko nje ya geti. Kuwepo kwake kuna faida kwa pande zote: Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Njihia ya mwaka 1986, ilisema gwaride lililoendeshwa vizuri, hasa kukiwa na mtu huru anayeangalia maslahi ya mtuhumiwa, ni ushahidi wenye thamani kubwa.

Kisha watafutwe watu wa kusimama naye. Kanuni inasema angalau wanane, wanaofanana naye kadiri inavyowezekana kwa umri, kimo, sura ya jumla na hali ya maisha. Jumla wanakuwa tisa. Kwa hesabu ya haraka, mtu asiyejua chochote akikisia ana nafasi moja kati ya tisa ya kumgusa mtuhumiwa. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli tu kama wote tisa wanafaa. Maelezo yakisema mtu mwembamba mwenye ndevu za kidevuni, na katika tisa hao wembamba wenye ndevu ni wawili, basi gwaride lako halina watu tisa. Lina wawili, na saba ni mapambo.

Kuna njia rahisi ya kulikagua jambo hili, nayo ilitoka Kanada mwaka 1973. Watafiti wawili wa saikolojia walipewa kesi ambayo karani aliyeshuhudia wizi alikuwa na machache ya kukumbuka kuhusu mnyang'anyi, mojawapo kwamba alikuwa mtanashati. Walichukua picha ya gwaride lenye watu kumi na wawili na kuwaonyesha watu ambao hawakuwepo kwenye tukio hilo, wakiwaambia maneno hayo tu ya karani. Wageni hao walimchagua mtuhumiwa mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingeruhusu. Yaani mtu ambaye hakuona tukio aliweza kulifaulu gwaride. Wakili wa utetezi leo anaweza kufanya jambo hilohilo kama picha ya mstari ilipigwa: aichukue, aisome ile sentensi ya maelezo ya kwanza, awaulize watu kumi wasiohusika. Wengi wakinyoosha kidole kwa mmoja, kuna kitu kinamtangaza.

Kwa kijana wetu vitu vinavyomtangaza ni vingi, na si vyote ni vya sura. Kovu juu ya jicho shahidi amelitaja. Kumpata mwingine mwenye kovu hapohapo ni ndoto, kwa hiyo suluhisho linalokubalika ni kuficha mahali hapo kwa kila mtu: wote tisa wabandikwe plasta juu ya jicho la kushoto, au wote wavae kofia iliyoshuka. Mdomo uliovimba ni mgumu zaidi. Kama kesi inaweza kusubiri siku chache uvimbe upungue, isubiri, ilimradi sheria ya muda wa kumshikilia mtu isivunjwe. Halafu angalia chini. Mtu aliyelala mahabusu siku mbili amenyang'anywa mkanda na kamba za viatu, shati limejikunja, mara nyingi yuko peku. Ukimpanga na vijana wanane waliotoka kijiwe cha bodaboda wakiwa na raba safi, shahidi hahitaji kukumbuka sura. Na ukiwatumia askari waliovaa kiraia, kunyoa kwao na namna wanavyosimama wima mikono ikishuka pembeni kutasema wao ni akina nani. Wote wavue viatu. Wote watoe mikanda. Ni jambo dogo la dakika tano, na mara chache sana nimeliona limeandikwa kwenye kumbukumbu.

Mtuhumiwa achague mwenyewe pa kusimama. Shahidi mmoja akishapita na kutoka, aulizwe kama anataka kubadili nafasi kabla ya shahidi wa pili. Sababu ni nyepesi: shahidi wa kwanza akiponyoka na kumnong'oneza mwenzake "wa tatu kutoka kushoto", neno hilo lisiwe na faida. Kanuni haikuridhika na hilo; inataka pia mashahidi waliokwisha kupita wasikutane na wanaosubiri. Kituo chenye lango moja na benchi moja kinapata taabu hapa. Mashahidi wanaketi kwenye benchi la kaunta, mtuhumiwa anatolewa mahabusu kwa pingu, anapita mbele ya benchi hilohilo kwenda uani. Sekunde tatu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini tangu hapo shahidi anatafuta mtu aliyemwona kwenye korido, wala hajui kwamba ndicho anachokifanya. Ndiyo maana swali la kwanza la wakili mzoefu mahakamani huwa la kawaida kabisa: "Ulipofika kituoni ulikaa wapi?"

Afisa anapomwingiza dada wetu anapaswa kumwambia kwamba ataona kundi la watu ambalo huenda yule mtu yumo, huenda hayumo. Maneno hayo si adabu tu. Watafiti wa kumbukumbu wameonyesha mara nyingi kwamba mtu akipewa mstari huwa hatafuti tu sura aliyoiona. Huwalinganisha waliopo na kumchukua anayefanana zaidi na wenzake. Mhalifu akiondolewa mstarini bila mashahidi kujua, sehemu kubwa yao hawasemi "hayupo". Wanahamia kwa anayemfuatia kwa kufanana. Kumwambia shahidi kwamba "huenda hayumo" kunampa ruhusa ya kutoka mikono mitupu, na kunapunguza kosa hilo ingawa hakulimalizi. Kinyume chake ni kauli kama "tumeshamkamata, njoo umwonyeshe", ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotumika kwenye simu nyingi za kuwaita mashahidi.

Akitaka kuwasikia wakisema, "una chenji, dada?", wote tisa waseme. Akitaka mmoja atembee, wote watembee. Akimtambua mtu amguse. Kanuni hii ya kugusa inaondoa ubishi wa alimnyooshea nani, lakini ni nzito kwa mwanamke aliyebakwa au mtoto, na nadhani ni sehemu ya orodha ya 1936 iliyozeeka kuliko zote. Penye chumba chenye kioo cha upande mmoja na watu wenye namba vifuani, namba inatosha. Uingereza, ambako kanuni zetu zilitokea, gwaride la watu hai limekuwa nadra. Shahidi huonyeshwa video fupi za nyuso, mmoja baada ya mwingine.

Kisha kuandika. Kila shahidi akitoka, yaandikwe yaliyotokea, yawe mazuri au mabaya kwa kesi: alimgusa nani, alisitasita kiasi gani, alisema nini. Aliyeshindwa kumtambua mtu aandikwe ameshindwa. Aliyemgusa kijana wa bodaboda aandikwe amemgusa kijana wa bodaboda. Mwisho mtuhumiwa aulizwe kama ameridhika na jinsi gwaride lilivyoendeshwa, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema, hata kama ni malalamiko.

Kuna pengo moja ambalo orodha ya 1936 haikuliziba. Afisa anayeongoza gwaride anamjua mtuhumiwa, kwa kuwa ndiye aliyemfuata mahabusu na kumuuliza anataka kusimama wapi. Utaratibu unaopendekezwa na watafiti siku hizi ni kwamba anayekuwa na shahidi asijue kabisa mtuhumiwa ni yupi. Kwenye kituo chenye maafisa wawili inawezekana: mmoja apange mstari, mwingine ambaye hajauona aingie na shahidi. Pasipowezekana, afisa asimame nyuma ya shahidi ili uso wake usisomeke.

Kwa nini uso wa afisa uwe jambo kubwa hivyo? Hapa ndipo tuingie kwenye picha, na kesi inayofundisha zaidi ninayoijua ni ya Ronald Cotton, wa mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani.

Julai 1984 mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22 alibakwa chumbani mwake. Alikuwa shahidi ambaye kila mpelelezi angemwomba Mungu: wakati wa tukio alijilazimisha kuukariri uso wa mtu yule ili akinusurika amfunge. Siku chache baadaye polisi walimwekea mezani picha sita. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akatoa ya Cotton, na mwanzoni alisema kwa namna ya kudhani. Baada ya kuulizwa tena akasema ndiye. Alipotaka kujua kama amefanya vizuri, aliambiwa amefanya vizuri sana. Baadaye likapangwa gwaride la watu saba. Cotton alikuwa namba tano. Alisita kati ya namba nne na tano, akachagua tano, kisha akaambiwa kwamba huyo ndiye aliyemchagua kwenye picha.

Hebu tazama kilichotokea. Katika watu saba wale, aliyekuwamo pia kwenye picha ni Cotton peke yake. Sura iliyomjia kama "naijua hii" aliijua kweli, ila hakuna wa kuhakikisha kama aliijua kutoka chumbani au kutoka mezani pa polisi. Na kila alipopewa pongezi, wasiwasi ulipungua na uhakika ukaongezeka, ingawa kumbukumbu haikuongezeka hata chembe. Mwaka 1985 alipopanda kizimbani kutoa ushahidi hakuwa tena mtu wa kudhani. Alikuwa na uhakika kamili, na wazee wa baraza walimwamini, maana hakuwa anadanganya.

Usiku huohuo mwanamke wa pili alikuwa amebakwa mjini humo. Kwenye gwaride huyo alimchagua mtu mwingine, si Cotton, na baraza la kesi ya kwanza halikuruhusiwa kulisikia hilo. Mahakama ya juu ya jimbo ilirudisha kesi ianze upya kwa sababu hiyo. Katika kesi ya pili, mwaka 1987, mwanamke huyo sasa alisema ni Cotton. Siku hizo mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyekuwa akijigamba gerezani kwamba yeye ndiye, aliletwa mahakamani. Yule mwanafunzi alimtazama akasema hajawahi kumwona. Cotton akahukumiwa kwa makosa yote mawili. Alitoka Juni 1995, baada ya zaidi ya miaka kumi, vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kila ninapolifikiria. Uso halisi uliwekwa mbele yake na haukumwambia chochote. Kufikia hapo uso uliokaa kwenye kumbukumbu ulikuwa wa Cotton.

Mahakama za Uingereza zilikwisha kuona hatari ya picha miaka mingi kabla. Katika kesi ya Dwyer na Ferguson ya mwaka 1925 waliweka mgawanyo ambao bado unafaa. Polisi wakiwa hawajui waanzie wapi, wanaweza kumwonyesha shahidi picha ili wapate wa kumtafuta. Wakishamkamata mtu, na anaweza kuwekwa gwaridani, kumwonyesha shahidi picha yake kabla ya gwaride ni kosa. Na hata picha zinapotumika kihalali, ziwe nyingi na za watu wanaofanana. Uingereza leo inataka zisipungue kumi na mbili kwa mara moja. Picha moja peke yake, "ni huyu?", si swali. Zote ziwe za aina moja: mmoja akiwa amepigwa picha mbele ya ukuta wenye mistari ya kupimia urefu na wengine wakitabasamu kwenye picha za vitambulisho, chaguo limeshafanywa. Shahidi akichagua, maneno yake ya kwanza yaandikwe yalivyo, "nadhani", "kama siyo yeye wanafanana", kabla mtu yeyote hajatikisa kichwa. Seti nzima ihifadhiwe, si ile picha moja tu iliyochaguliwa, la sivyo mahakama haina njia ya kujua alichaguliwa kati ya nani na nani. Na shahidi mmoja akishamtambua mtu kwa picha, mashahidi waliobaki wasionyeshwe picha. Wapelekwe moja kwa moja kwenye gwaride.

Kwetu, albamu ya polisi siyo tishio kubwa. Tishio ni simu. Kijana anakamatwa saa nne asubuhi, anapigwa picha akiwa ameketi chini mikono nyuma, saa tano picha iko kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa ikiwa na maandishi "huyu ndiye mwizi wa pale kibandani". Saa sita dada wetu ametumiwa na watu wanne. Wakati mwingine ni polisi wenyewe wanaowapanga watuhumiwa mbele ya waandishi wa habari pamoja na mapanga na simu zilizokamatwa, na jioni wako kwenye taarifa ya habari. Gwaride likifanyika baada ya hapo, hata wakisimama watu ishirini waliofanana kama mapacha, hakuna anayeweza kutenganisha alichokiona dirishani na alichokiona kwenye skrini. Kamanda anayetaka gwaride lake lisimame mahakamani anapaswa kuufunika uso wa mtuhumiwa tangu anapokamatwa, na mpelelezi amuulize shahidi waziwazi, kabla ya gwaride, kama ameshaona picha yoyote, na jibu liandikwe.

Gwaride likiharibika, linaweza kurudiwa? Kwa shahidi yuleyule, hapana. Safari ya pili atamtafuta aliyemwona safari ya kwanza. Kumsubiri aje amnyooshee kidole kizimbani hakusaidii pia, kwa kuwa mahakamani mshtakiwa anajulikana kwa alipoketi. Mahakama za Kenya na Tanzania huupa utambuzi wa kizimbani uzito mdogo sana usipotanguliwa na gwaride halali. Katika ile kesi ya Njihia majaji walieleza kwamba shahidi aliyemtambua mtu kwenye gwaride bovu anaweza asiweze tena kuruka nyuma ya gwaride hilo na kuifikia sura aliyoiona siku ya tukio. Na hata gwaride safi halimfungi mtu peke yake. Ni ushahidi wa kutilia nguvu kile shahidi anachokisema mahakamani chini ya kiapo, na kwa dada wetu ile simu iliyokutwa mfukoni mwa kijana, ikithibitishwa kuwa yake kwa namba zake, inaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko kidole.

Wale vijana wanane wa bodaboda huwa na swali lao, nalo ni la haki: je, nikiguswa mimi? Jina lako linaandikwa kwenye fomu pamoja na nafasi uliyosimama, inaandikwa kwamba shahidi alikuchagua wewe, unasaini, unarudishiwa mkanda na viatu vyako, unakwenda. Polisi wanajua ulikuwa kijiweni walipokuja kukuomba. Aliyepungukiwa hapo ni upande wa mashtaka, na fomu hiyo lazima ifike kwa wakili wa utetezi kama ilivyojazwa.